Namba sita za mama mdogo: somo la dakika arubaini Kisiwa Panza

Boti ya kutoka Chokocho haingojei mtu, inangoja maji. Siku tuliyokwenda Kisiwa Panza bahari ilikuwa imeanza kupwa, na nahodha alitwambia wazi: mkichelewa kutoka skuli, mtavua viatu na kutembea kwenye tope mpaka boti ilipo. Kwa hiyo mazungumzo niliyoyapanga ya saa moja nikayapunguza yakawa dakika arubaini, na nashukuru ilikuwa hivyo. Daftari langu lilikuwa na mambo kumi na mbili: neno la siri, virusi, picha, kila kitu. Nikaamua nifundishe moja tu.

Mimi ni kiongozi wa klabu yetu ya TEHAMA chuoni, nasomea ualimu, na nimeshawahi kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi nikimsikiliza mgeni anasoma orodha ya "usifanye hivi, usifanye vile". Unaitikia "ndiyo", unapiga makofi, unatoka huna ulichobeba. Nilitaka wanafunzi wa kidato cha tatu watoke wakiwa wanajua jambo moja mpaka ndani. Nikachagua namba sita, zile zinazoingia kwa meseji unapofungua WhatsApp kwenye simu mpya. Nilizichagua kwa sababu zimeshaiumiza familia yangu.

Mama mdogo wangu analima mwani, na ni mshika hesabu wa kikundi chao cha upatu. Kundi lao la WhatsApp lina wanawake ishirini na tatu. Usiku mmoja, kama saa tatu hivi, aliingiliwa na meseji ya jirani yake, mwanachama mwenzake: "Samahani dada, nimekosea, nimekutumia namba sita kwenye simu yako. Nirejeshee tafadhali, nazihitaji haraka." Akatazama, kweli namba sita zimeingia. Akazirejesha. Mtu wa ukoo akikwambia amekosea, utamhoji?

Dakika chache baadaye WhatsApp yake ikamtoa nje. Alidhani bando limekwisha, akalala. Asubuhi saa mbili alipigiwa simu na wanachama wawili wakimuuliza kama mgonjwa ameshapata nafuu. Mgonjwa gani? Kumbe usiku kucha "yeye" alikuwa akiwaandikia wenzake kwamba ana mtu hospitali na anaomba akopeshwe 80,000, atarejesha kesho. Wawili walituma. Jumla 160,000, na kwa mkulima wa mwani hizo si pesa za kuokota.

Hapo skuli sikuanza na kisa hiki. Nilianza na mchezo, kwa sababu wanafunzi hawaruhusiwi kuingia na simu darasani na mtandao wenyewe mle ndani ulikuwa wa kubahatisha. Niliita watatu mbele. Mmoja akawa "Kampuni", akakaa kwenye meza ya mwalimu na vipande vya karatasi. Wa pili akawa "Bi Mwani", nikampa kiberiti kiwe simu yake. Wa tatu akawa "Mwizi", akasimama mlangoni. Kanuni ni hizi: yeyote anaweza kumwendea Kampuni na kusema "mimi ni namba fulani, nifungulie". Kampuni hamjui mtu kwa sura. Anachofanya ni kuandika namba sita kwenye karatasi, kuikunja, na kuipeleka kwa mwenye namba ile. Atakayerudi na namba zile sita ndiye atakayefunguliwa.

Mwizi akaenda kwa Kampuni, akataja namba ya Bi Mwani. Kampuni akaandika, akakunja, akampelekea Bi Mwani. Mwizi karatasi haioni. Nikauliza darasa: sasa afanye nini?

Wa kwanza akasema aibe simu. Sawa, lakini huyu mwizi yuko mbali, hata kisiwa hiki hakijui. Wa pili akasema abahatishe. Hapo tukaenda ubaoni. Namba sita, kila nafasi inaweza kuwa 0 mpaka 9, kwa hiyo kumi mara kumi mara kumi, mpaka zitimie kumi sita: 1,000,000. Kama mwizi ana mashine inayojaribu namba 100 kwa sekunde, na hakuna anayemzuia, atazimaliza zote kwa sekunde 10,000. Gawanya: ni saa 2 na dakika 46 na kidogo. Darasa likaguna. Muda huo ni kama wa kipindi cha asubuhi mpaka mapumziko!

Lakini Kampuni hakubali kujaribiwa mara milioni. Mtu akikosea mara chache anaambiwa asubiri, akikosea tena anasubiri zaidi, na namba zenyewe zinakufa baada ya muda. Ukimruhusu mwizi majaribio matatu tu, nafasi yake ni 3 katika 1,000,000. Bahati mbaya kwake. Kwa hiyo mashine yake, hata iwe nzuri vipi, haina kazi hapa.

Kukawa kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja, akasema taratibu: "Si amuombe tu."

Ndiyo hivyo. Amuombe tu. Mwizi wa mchezo akamwendea Bi Mwani, akamwambia "dada samahani, karatasi yangu imekuja kwako", na Bi Mwani akampa huku akicheka. Darasa zima likapiga kelele. Hapo ndipo nilipowasimulia kisa cha mama mdogo, na hakuna aliyecheka tena.

Kitu nilichotaka wakione ni hiki: namba zile zinazofika kwenye simu yako ni za kufungulia akaunti yako, si ya mtu mwingine. Mtu hawezi "kukosea" akakutumia namba zake za WhatsApp, maana Kampuni hupeleka karatasi kwa mwenye namba iliyotajwa peke yake. Zikiingia kwako na hukuziomba, maana yake kuna mtu, sasa hivi, ameandika namba yako kwenye simu yake. Na meseji yenyewe inaonya usimpe mtu. Tatizo ni kwamba simu nyingi za wazee wetu zimewekwa Kiingereza, basi onyo linaingia kwa lugha ambayo msomaji wake anairuka, na ombi la mwizi linaingia kwa Kiswahili kitamu chenye "dada" na "samahani". Mtu atasoma lipi?

Swali la pili walilouliza lilikuwa zuri kuliko nililoliandaa: "Mbona jirani yake alimfanyia hivyo?" Hakumfanyia. Jirani alikuwa ameshaibiwa yeye mwanzo, kwa njia hiyohiyo, na aliyekuwa akiandika ni mwizi akiwa ndani ya akaunti ya jirani. Ndiyo maana ushauri wa "usiongee na usiowajua" hautoshi. Ombi huja na jina unalolijua na picha unayoijua. Dawa yake ni kutoka nje ya WhatsApp: mpigie simu ya kawaida umsikie sauti. Mama mdogo na jirani yake wanatenganishwa na ukuta mmoja wa makuti. Angeweza kuuliza kwa kupaza sauti tu.

Nikawaambia nini kilipaswa kufanywa usiku ule, hatua kwa hatua. Ukiona WhatsApp imekutoa yenyewe, usilale. Fungua tena, andika namba yako, omba namba sita mpya. Zitakuja kwako, kwa sababu laini iko kwenye simu yako. Ukiziandika tu, mwizi anatolewa nje hapohapo. Baada ya hapo unaweza kukuta skrini inakudai namba nyingine ya siri ambayo huijui. Hiyo ameiweka mwizi ili kukuzuia. Wengi wanafika hapa wanakata tamaa wanadhani wameshindwa. La. Itabidi usubiri siku 7 ndipo uweze kuingia bila namba hiyo, lakini mwizi naye yuko nje, hawezi tena kuwaandikia watu wako. Sisi hatukulijua hilo. Toka saa tatu usiku mpaka saa mbili asubuhi ni saa kumi na moja, na zote alikuwa nazo yeye.

Kitu kimoja kilinipa afueni nilipokuja kukisoma baadaye: mazungumzo ya zamani hakuyaona. Hayo hukaa kwenye simu yenyewe, si kwenye namba. Alichokiona ni makundi na watu walioandika baada ya yeye kuingia. Kwa tapeli wa pesa, kundi la upatu linatosha kabisa.

Kuna mlango wa pili, nao sikuupa muda mrefu. WhatsApp inaruhusu kuunganisha kompyuta na akaunti yako. Tapeli anaweza kukupa yeye herufi na tarakimu nane akakwambia uziandike kwenye simu yako ili "upokee zawadi". Ukiziandika umemuunganisha. Hapa hutolewi nje, simu inaendelea kama kawaida, yeye anasoma pembeni. Utajuaje? Fungua sehemu iliyoandikwa `Linked devices`, utazame orodha. Ukiona kifaa usichokijua, kibonyeze ukitoe.

Sasa kinga. Ile namba ya siri ambayo mwizi alimwekea mama mdogo, ungeiweka wewe mwanzo, angekwama. Ipo kwenye `Settings`, kisha `Account`, kisha `Two-step verification`. Unachagua namba sita zako mwenyewe, na unaongeza barua pepe ya kukuokoa ukisahau. Hapo mtu akizipata zile namba za meseji, bado anadaiwa hizi, ambazo hazitumwi popote, ziko kichwani mwako.

Nikawauliza: mtachagua namba gani? Wakanyamaza, wanatazamana. Nikawaambia nitabahatisha namba ya siri ya tarakimu nne ya mtu yeyote humu kwa majaribio matatu. Namba za tarakimu nne ziko 10,000, kwa hiyo nilipaswa kuwa na nafasi 3 katika 10,000. Lakini kidato cha tatu wengi wamezaliwa kati ya 2008 na 2011. Hiyo ni miaka minne. Aliyetumia mwaka wake wa kuzaliwa amenipa nafasi tatu katika nne. Kijana mmoja wa mstari wa mbele akainamia dawati, na wenzake wakamjua.

Kuhusu pesa zilizokwenda, nilisema kweli bila kupamba. Hazikurudi. Waliotuma walikiri kwamba jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha halikuwa la mama mdogo, lakini walidhani ni la wakala. Ile sekunde ya jina ndiyo breki ya mwisho, na watu wanaipita kwa haraka. Namba iliyotumika kutapeli mtu anaweza kuiripoti kwa kuituma kwenye `15040`. Sisi tuliripoti. Aliyesajiliwa kwa laini ile, kwa tulivyoelezwa, ni mtu mwingine kabisa ambaye huenda hana habari.

Inawezekanaje, na laini zinasajiliwa kwa alama za vidole? Hili liliwaamsha hata walimu waliokaa nyuma. Unakwenda kwa msajili wa barabarani, unaweka kidole, anakwambia "haikushika, weka tena". Mara nyingine ni kweli haikushika, vidole vya watu wa mwani na wa bahari vimekwaruzika. Mara nyingine ilishika, na kidole cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lako. Ukipiga `*106#` unaweza kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwalimu mmoja alipiga palepale, yeye aliruhusiwa simu. Alikuta zake mbili anazozijua, akashusha pumzi.

Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi, nikaingia kwenye kazi. Nilikuwa nimeonywa kwamba vijana wakisikia "usalama wa mitandao" wanamfikiria mtu mwenye kofia gizani. Basi nikawarudisha ubaoni, kwenye ile milioni moja na saa 2 na dakika 46. Nikawauliza: nani aliyemwambia Kampuni asikubali majaribio mengi? Ni mtu, ameajiriwa, amekaa akapiga hesabu kama hii yenu. Hiyo ndiyo kazi. Mwingine analipwa kujaribu kulivunja zuio hilo, kwa ruhusa ya mwenye mfumo na kwa maandishi, kabla mwizi hajalijaribu. Mwingine yuko kwenye kampuni ya simu anatazama mienendo: laini iliyosajiliwa jana, leo imepokea pesa kutoka kwa watu kumi na kuzitoa kwa dakika tano. Mwingine ni mpelelezi wa polisi anayesoma simu iliyokamatwa na kuandika ushahidi utakaosimama mahakamani. Nchini kuna timu ya taifa ya kushughulikia matukio haya, TZ-CERT, iliyo chini ya TCRA.

Neno "ruhusa" nililirudia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kuingia kwenye akaunti au mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama "nilikuwa najaribu tu". Kijana mwenye kipaji anaweza kujifungia mlango wa kazi hii akiwa na miaka kumi na saba. Nikawatajia tukio la Twitter la Julai 2020, ambapo akaunti 130 zilishambuliwa, zikiwemo za Barack Obama na Joe Biden. Aliyepatikana kuwa kinara wake alikuwa mvulana wa miaka 17 wa Florida. Na kampuni kubwa vile iliingiliwaje? Wafanyakazi walipigiwa simu na watu waliojifanya wenzao wa idara ya kompyuta. Waliombwa tu. Yule msichana wa nyuma akatabasamu.

Pa kusomea papo. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Uhasibu Arusha wana shahada za fani hii, na masharti ya kila mwaka yanaandikwa kwenye kitabu cha udahili cha TCU, msisikilize ya mtaani. Sikuwaficha kwamba hisabati haikwepeki. Lakini niliwaambia pia kwamba kugundua "si amuombe tu" si hisabati, ni kumjua binadamu, na kwenye kazi hii vyote viwili vinatakiwa. Ugumu halisi wa mtoto wa kisiwani ni mwingine: hana kompyuta ya kujifunzia. Sina jibu lake. Klabu yetu imekubali kurudi na kompyuta mpakato tatu wakati wa likizo, na tumewaachia daftari la mchezo ule ili waucheze na kidato cha kwanza.

Mchezo wenyewe una kasoro mmoja wa walimu aliionyesha baadaye: wanafunzi walimwona Mwizi akienda kwa Kampuni, ilhali kwenye maisha huoni hatua hiyo. Safari ijayo Mwizi atakaa nje ya darasa, na Bi Mwani ataletewa karatasi bila kujua imetoka wapi. Kweli, hapo ndipo hisia yenyewe ilipo.

Tulipokuwa tunabeba viatu mkononi kuelekea kwenye boti, maana maji yalikuwa yameshatukimbia, yule msichana alitufuata mpaka kwenye mikoko.

"Mwalimu, nikimwekea baba ile namba sita ya siri, yeye hatoikumbuka. Itabidi niikumbuke mimi."

"Ehe."

"Sasa si nami nitakuwa nimeshika ufunguo wa baba?"

Nahodha alikuwa anaita. Nikamwambia amuulize baba yake kwanza kama anataka aushike, na kama ataka, wachague namba wote wawili wamekaa pamoja, baba ndiye aandike. Akafikiri kidogo, akasema baba yumo baharini, anarudi na maji ya usiku, atamuuliza akishakula.